Transkripti ya Kiswahili, ofisi ya Kijapani, na ule mhuri wa wakili

Mdogo wangu alinitumia voisi ya wasap saa tano usiku wa huku Osaka, sauti imekauka, anasema dada wameirudisha. Hakusema nini kimerudishwa maana nilikuwa najua. Ni tafsiri ya transkripti yake, aliyoilipia pesa nzuri kwenye ofisi moja ya vichochoro vya Posta pale Dar, ikapigwa mhuri mwekundu wa wakili kila ukurasa mpaka ikawa inang'aa kama barua ya Ikulu. Alikuwa anaomba masta kwenye chuo kimoja cha huku, programu inayofundishwa kwa Kijapani (Kijapani chake ni kizuri kuliko changu nilivyokuja), na ofisi ya udahili ikamwandikia imeili ya mistari mitano hivi, ya upole kama kawaida yao, wanauliza mambo matatu: nani aliyetafsiri, tafsiri ya ukurasa wa nyuma iko wapi, na je, kuna uthibitisho wa tafsiri yenyewe.

Hilo la tatu ndilo lilimchanganya. Anasema kwani mhuri huo si uthibitisho? Nikamwambia nisomee maneno yaliyo kwenye mhuri. Akasoma: nakala halisi ya hati asili. Basi, jibu liko hapo hapo. Wakili alichothibitisha ni kwamba fotokopi inafanana na karatasi aliyoonyeshwa. Kuhusu Kijapani hajasema kitu, na hawezi kusema kitu maana hakijui. Kwetu mhuri ni mhuri, ukishapigwa watu wanapumua, lakini karani wa huku anasoma maneno yaliyo ndani ya duara, na kama duara linazungumzia nakala basi kwake umethibitisha nakala, tafsiri bado ni karatasi ya mtu asiyejulikana.

Sasa kabla sijaendelea, maana kuna watu wataniambia transkripti za Bongo zote ni za Kiingereza kwa nini mnahangaika. Nyingi ni za Kiingereza, kweli. Lakini mdogo wangu kasoma Kiswahili, na kozi za Kiswahili zinafundishwa kwa Kiswahili na majina yake yanaandikwa kwa Kiswahili, Isimujamii ni Isimujamii, Fasihi Simulizi ni Fasihi Simulizi. Yake ukiiangalia karibu yote ni Kiswahili, kuanzia kozi mpaka mhuri wa chuo mpaka vyeo vya waliosaini. Na kama ofisi unayoomba inakubali Kiingereza, tafadhali usijitese na Kijapani, rudi chuoni kwako uombe msajili akutolee toleo la Kiingereza lenye saini na mhuri wao, hiyo ndiyo njia fupi. Skolashipu ya serikali ya Japani kwa mfano inapokea hati za Kijapani au Kiingereza, lugha nyingine ndiyo unaambatanisha tafsiri. Lakini programu ya mdogo wangu maelekezo yalisema Kijapani, na shule za lugha huku nazo hupenda Kijapani kwa sababu hati zako wanazipeleka Uhamiaji.

Jambo ambalo watu wa nje hawalijui ni kwamba Japani haina watafsiri walioapishwa. Kuna nchi za Ulaya mtafsiri anaapishwa mahakamani, anapewa namba na mhuri wake, ukipeleka kazi yake ofisi yoyote inapokelewa bila maneno. Huku hakuna kitu hicho. Kwa hiyo ukitafuta "mtafsiri rasmi wa Japani" utatafuta mpaka uzeeke, na atakayekwambia yeye ndiye rasmi muulize karasimishwa na nani. Kwa upande wa Uhamiaji kanuni inasema tu kwamba hati ya lugha ya kigeni iambatane na tafsiri yake ya Kijapani, na kwa vitendo anaweza kutafsiri mtu yeyote, hata wewe mwenyewe, alimradi mwishoni aandike jina lake na tarehe ili wajue wa kumuuliza. Wanachotaka ni mtu wa kubeba lawama, basi.

Vyuo ndiyo kila kimoja na lake. Kingine kinakubali tafsiri yako mwenyewe, kingine kinataka iwe imetolewa na chuo ulichosoma, kingine kinaandika iwe imethibitishwa na taasisi ya umma, na kwenye mabano wanataja ubalozi au koshonin, yaani mthibitishaji wa umma, yule wa ofisi inayoitwa kosho yakuba. Kwa hiyo neno "imethibitishwa" halina maana moja, maana yake iko kwenye kichwa cha ofisi inayopokea, na namna ya kuipata ni kuuliza kabla ya kulipa mtu hata senti. Nikapiga simu kesho yake saa nne. Niliuliza kwa mpangilio: mwombaji anaweza kutafsiri mwenyewe? Hapana. Ndugu yake je? Karani akavuta pumzi kidogo, ile pumzi yao ya kupitisha hewa kwenye meno, nikajua jibu ni hapana kabla hajalisema. Basi mtu baki, akiambatanisha tamko lake la kutafsiri kwa uaminifu, na tamko likathibitishwa na koshonin? Hapo akasema ndiyo, hiyo wataipokea, na akaniomba niandike imeili ili jibu libaki kwa maandishi. Hiyo imeili tuliiprinti tukaiweka kwenye bahasha pamoja na nyaraka zingine, maana karani unayeongea naye leo si lazima awe ndiye atakayefungua bahasha.

Mimi nikawa nimeshatolewa kwenye mchezo. Bahati nzuri Chuo Kikuu cha Osaka kina watu wanaosomea Kiswahili kama fani, na nina rafiki, Mjapani, aliyepita hapo, anasema "shikamoo" kwa adabu kuliko wapwa zangu. Tukakubaliana yeye atafsiri na kusaini, mimi nikae pembeni nimueleze mambo ya chuo cha kwetu ambayo kamusi haiyajui. Na hapo ndipo nilipoona kwa nini ile tafsiri ya kwanza ingemuumiza mdogo wangu hata kama isingerudishwa.

Tukaanza na saini za chini. Pameandikwa Makamu Mkuu wa Chuo, na yule wa Posta kaandika fuku-gakucho, yaani naibu rais wa chuo. Neno kwa neno ni sawa kabisa. Lakini kwetu Mkuu wa Chuo ni cheo cha heshima, anakuja siku ya mahafali na joho lake anatunuku watu anaondoka, anayeendesha chuo kila siku ni Makamu Mkuu. Kwa Mjapani anayeendesha chuo ni gakucho. Ukiandika fuku-gakucho karani anajiuliza kwa nini shahada imesainiwa na msaidizi, bosi alikuwa wapi. Tukaandika gakucho, na Naibu Makamu Mkuu wa Chuo upande wa taaluma ndiye akawa fuku-gakucho, na chini tukaweka maelezo ya mtafsiri mstari mmoja. Maelezo ya mtafsiri yanaruhusiwa, ila yakae nje ya mwili wa tafsiri na yajitambulishe kwamba ni ya mtafsiri, yasijifanye yalikuwa kwenye hati.

Halafu alama. Hapa naomba mnisikilize vizuri maana hapa ndipo watu wanapoliwa. Mdogo wangu ana GPA 3.9, daraja la pili la juu, na alama zake nyingi ni sitini na kitu, yaani B+. Kwetu ukimwambia mtu una B+ nyingi anakupongeza. Vyuo vingi vya huku ufaulu unaanzia 60, ukipata 59 umefeli, na sitini mpaka 69 ni daraja la chini kabisa la waliofaulu, linaitwa ka, "inakubalika", kwa lugha yetu ni kuponea tundu la sindano. Kwa upande mwingine GPA ya huku mara nyingi mwisho wake ni 4. Sasa weka hivyo vitu viwili kwenye karatasi moja bila maelezo: karani anaona alama za mtu aliyeponea na GPA ya malaika. Mimi ningekuwa yeye ningehisi hati imechezewa!

Na maelezo yalikuwepo muda wote, yako ukurasa wa nyuma. Ule ukurasa wenye jedwali la alama, kwamba 70 kwenda juu ni A yenye pointi 5, 60 hadi 69 ni B+ pointi 4, 50 hadi 59 ni B pointi 3, 40 hadi 49 ni C pointi 2, na kwamba daraja la pili la juu linaanzia 3.5 mpaka 4.3. Yule mtafsiri wa Posta aliuacha kwa sababu una maandishi madogo na mteja alilipa kwa ukurasa. Ndiyo maana ofisi iliuulizia, walishaona mgongano. Kwa hiyo kama unatafsiri kurasa mbili tu za transkripti yako na pesa haitoshi, afadhali ukope, huo wa nyuma usiuache.

Kitu kingine ambacho rafiki yangu alikataa kabisa ni kubadilisha. Nilimwambia si tuandike tu B+ ni yu, neno lao la alama nzuri, tumsaidie kijana. Akasema hapana, B+ inabaki B+, 62 inabaki 62, 3.9 inaandikwa 3.9 kati ya 5 kwa sababu jedwali ndivyo linavyosema. Kazi ya kulinganisha ni ya ofisi, wana fomula zao, na skolashipu ya serikali nayo ina hesabu yake ya kupeleka kila kitu kwenye mizani ya 3, na wanaopendekezwa na chuo wanatakiwa wawe na angalau 2.30. Mtafsiri akianza kupima na kulinganisha keshaondoka kwenye kutafsiri, na lile tamko lake la uaminifu linakuwa uongo.

Krediti ni hadithi hiyo hiyo. Kwa Kijapani wanaita tan-i (siyo tani ya mchele, ingawa mzigo ni ule ule). Shahada ya miaka mitatu kwetu ni krediti 360, maana mwaka mmoja ni 120 na krediti moja inahesabiwa kama saa 10 za kujifunza. Huku tan-i moja ni saa 45 na shahada ya miaka minne inahitaji angalau tan-i 124. Karani akiona tan-i 360 anaweza kudhani mtoto kasoma vyuo vitatu kwa mpigo, na akipiga saa anakuta ni 3,600 dhidi ya 5,580 za kwao. Tuliandika 360 kama ilivyo, na kwenye maelezo ya mtafsiri tukasema krediti moja Tanzania ni saa 10. Hatukugawanya wala kuzidisha.

Na hiyo miaka mitatu nayo ina swali lake. Masta za huku kigezo cha kawaida ni uwe umesoma miaka 16 tangu darasa la kwanza, na mtu akiona shahada ya miaka mitatu anafikiria una 15. Sisi tuna saba za msingi, nne za sekondari, mbili za kidato cha tano na sita, na tatu za chuo, jumla 16 kamili, haizidi wala haipungui. Lakini transkripti haisemi hivyo, transkripti inajua miaka mitatu tu. Tukaambatanisha vyeti vya kidato cha nne na cha sita, vile vya NECTA ambavyo bahati nzuri ni vya Kiingereza, na jedwali dogo la miaka aliloandika mwenyewe.

Kisha ikaja ile nyota. Mwaka wa pili mdogo wangu alipata sapu ya kozi moja, Semantiki, na kwenye transkripti mbele ya C yake kuna kinyota, chini wameeleza kwamba kozi ilifaulishwa kwa mtihani wa marudio. Akanipigia: dada, kwenye Kijapani si mngeiacha tu hiyo nyota, ni nyota moja. Nikamwambia mdogo wangu, watu hawa wanaweka hati asili kushoto na tafsiri kulia na wanapitisha rula mstari kwa mstari, nyota ikikosekana upande mmoja hawatakuuliza kuhusu Semantiki, watajiuliza ni nini kingine kimekosekana. Akanyamaza. Na hata kuitafsiri kwenyewe kuna mtego, maana Kijapani kina maneno mawili, saishiken ni mtihani wa aliyefeli akarudia, tsuishiken ni wa ambaye hakuwepo kwa sababu ya msingi, kama speshali ya kwetu. Mtafsiri wa Posta alikuwa ameandika tsuishiken, yaani kamfanya mdogo wangu awe alikuwa anaumwa. Wema huo angeulizwa cheti cha hospitali.

Majina ya kozi yalichukua jioni nzima ila kwa raha. Isimujamii na Mofolojia hazina shida, zina majina yanayojulikana. Fasihi Simulizi inaenda kwenye neno lao la fasihi ya mdomo. Tamthiliya ilituchelewesha, kwa sababu wana neno la mchezo uliyoandikwa na neno la maigizo ya jukwaani, ikabidi mdogo wangu atueleze kozi ilikuwa ya kusoma vitabu au ya kuigiza, ilikuwa ya kusoma. Tenzi tuliandika kwa katakana, utenji, na maneno machache kwenye mabano kwamba ni ushairi simulizi mrefu wa Kiswahili, halafu tukalifuta neno "simulizi" maana lingemfanya msomaji adhani ni wa mdomo tu wakati tenzi za pwani zimeandikwa kwa hati za Kiarabu miaka na miaka. Hilo nililipigania mimi, samahanini.

Tarehe pia iangalieni. Hati ilisema 04/11/2022, na tafsiri ya kwanza ikasema Aprili 11. Wajapani wanaanza na mwaka, mwezi, siku, na aliyetafsiri sijui alikuwa anafikiria Kimarekani. Sisi tunaanza na siku, ni Novemba 4, na cheti chake kinasema Novemba, kwa hiyo hati mbili za mtu mmoja zingekuwa zinagombana. Jina nalo tuliliandika kwa herufi za pasipoti kama lilivyo, katakana ikafuata kwenye mabano kwa ajili ya kusoma tu. Jina kama Mwanahamisi ukiliacha liende kwa katakana peke yake, likirudi kwenye herufi za kawaida unaweza kukuta ni la mtu mwingine kabisa.

Siku ya koshonin rafiki yangu alienda na miadi, kitambulisho, hati, tafsiri, na tamko la ukurasa mmoja: mimi fulani ninajua Kiswahili na Kijapani, tafsiri iliyoambatanishwa nimeifanya mimi na inalingana na hati asili, jina, anwani, tarehe. Akasaini mbele ya koshonin. Mzee yule hakusoma hata neno moja la Kiswahili, hana haja, anachothibitisha ni kwamba mtu huyu kweli ndiye aliyesaini tamko hili mbele yangu. Usahihi unabaki kwenye shingo ya aliyesaini. Kwa hiyo ukifikiria vizuri, ni kazi ile ile ya wakili wa Posta, tofauti ni kwamba huyu kathibitisha karatasi ambayo ofisi ilikuwa inaihitaji. Kurasa zikashonwa pamoja na mhuri ukapigwa kwenye maungio, nusu ukurasa huu nusu ule, ili mtu asichomoe moja akaweka nyingine.

Kosa la mwisho tulilifanya sisi wenyewe, karibu tulie. Ofisi ilitaka transkripti asili iliyofungwa kwenye bahasha na chuo, mhuri juu ya gundi. Mdogo wangu alikuwa nayo, na aliifungua. Aliifungua ili aiskani anitumie nitafsiri! Bahasha ya namna hiyo ikifunguliwa imekufa, ndani inaweza kuwa ni hati ile ile safi lakini kwao si ile tena. Ikabidi arudi chuoni, alipie nyingine, asubiri wiki mbili na siku za deadilaini zinahesabika, na safari hii aombe mbili, moja ya kufunga na moja ya kulinganisha na ile ya kwanza. Ile iliyofunguliwa ndiyo tuliyoitumia kutafsiri, kwa sababu tulikagua zote mbili zina namba moja ya usajili na alama zile zile, ila tarehe ya kutolewa ilitofautiana, na hiyo nayo tukaieleza kwenye barua.

Bahasha ilifika Jumanne. Ijumaa ofisi ikaandika kwamba nyaraka zimekamilika, wana swali moja tu dogo: kwenye mhuri wa chuo kuna maneno yaliyofifia upande wa kushoto, na mtafsiri kaandika "hayasomeki", je ni kweli hayasomeki? Rafiki yangu akachukua ile ya kwanza akaiweka chini ya taa, akaigeuza geuza. Akajibu kwamba ni kweli, hayasomeki.